Laki tatu za mama wa Mgeta: mbuzi wa maziwa au kuku wa mayai?

Mama mmoja wa Mgeta, kule juu kwenye milima ya Uluguru, alinisimamisha gulioni akiwa amefunga fedha kwenye ncha ya khanga. "Bwana mifugo, nina laki tatu. Nimeuza njegere na kabichi, na sina nyingine hadi mavuno yajayo. Ninunue mbuzi wa maziwa au nilete vifaranga vya kuku wa mayai?" Nimeulizwa swali hilo miaka yote ya kazi yangu. Kila mara mtu amekwishauliza bei ya mnyama mwenyewe, lakini hajauliza mnyama huyo atakula nini kuanzia siku anapoingia bandani hadi siku anapomwingizia shilingi ya kwanza. Mtaji mdogo humalizikia hapo katikati.

Nianze na vifaranga, kwa sababu ndiko watu wengi hukimbilia. Kifaranga mmoja wa siku moja ni rahisi, na ukinunua 20 unajiona tayari una mradi. Nitatumia bei za mfano, kila msomaji aweke za kwao: kifaranga 3,000, kilo ya chakula 1,200, trei ya mayai 9,000. Vifaranga 20 watakula 60,000 ya laki tatu zile. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20, na hadi hapo kila mmoja amekwishakula kama kilo 8. Kwa kuku 20 ni kilo 160, yaani shilingi 192,000. Jumla imefika 252,000 na hujanunua mkaa wa kuwapa joto wiki za mwanzo, hujanunua maranda ya kutandika, hujachanja. Chanjo nazo haziuzwi kwa kuku mmoja mmoja. Kichupa kimoja ni cha kuku mamia, na kikishachanganywa hutumika siku hiyohiyo, kinachobaki kinamwagwa. Mwenye kuku 20 analipa sawa na mwenye 200, isipokuwa majirani wakubaliane kuchanja siku moja.

Kwa karatasi, laki tatu zinaweza kufika wiki ya 20. Kwa maisha ya mtu, hazifiki. Mtoto anaumwa, daftari la shule linahitajika, na kuku hawajaleta hata yai moja. Nimeliona jambo hili kwenye mabanda mengi kiasi kwamba naweza kukutajia wiki yenyewe: kati ya wiki ya 12 na ya 14 mfugaji anaanza kupunguza chakula. Anachanganya pumba tupu nusu kwa nusu, anajiambia kuku bado hawatagi, wavumilie. Kumbe hapo ndipo mwili wa mtagaji unapojengwa. Kuku wa kahawia wa kisasa anatakiwa awe amefika karibu kilo moja na nusu wiki ya 18. Mweke kwenye ndoo, ning'iniza ndoo kwenye mizani ya sokoni, toa uzito wa ndoo, utajua. Ukikuta kilo moja na robo, kuku huyo atachelewa kutaga, na akianza hatafika kilele chake hata ukimlisha vizuri baadaye. Fedha ulizookoa kwa wiki sita utazilipa mwaka mzima kwa mayai ambayo hayakutagwa.

Kwa hiyo mama yule nilimwambia wazi kwamba vifaranga si vya laki tatu. Akaniuliza, "Basi kuku wameshatoka?" Hawajatoka. Kuna njia nyingine ya kuku ambayo wenye fedha kidogo hawaiangalii kwa sababu bei yake inatisha: kununua mitetea waliokwisha kulelewa na mtu mwingine, wa wiki 17 au 18, waliokaribia kutaga. Tuseme mmoja ni 20,000. Badala ya vifaranga 20 unapata kuku 10 tu, na unabaki na laki moja. Mtagaji mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, kuku 10 kilo moja na gramu 200. Laki moja inanunua kilo 83, chakula cha siku 69. Mayai ya kwanza yataonekana ndani ya wiki mbili tatu, na kabla gunia la pili halijaisha kuku wanajilisha wenyewe. Kuku ni nusu ya wale, lakini muda wa kusubiri umeshuka kutoka miezi mitano hadi majuma machache, na fedha ya chakula ipo mkononi tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya mwezi inakuwa hivi. Kuku 10 wakitaga mayai 8 kwa siku, unapata 240 kwa mwezi, trei 8, shilingi 72,000. Chakula ni kilo 36, shilingi 43,200. Kinabaki 28,800. Kwa bei hizo yai moja ni shilingi 300, na chakula cha siku ni 1,440, kwa hiyo mayai karibu matano ya kila siku ni ya mwenye duka la chakula kabla wewe hujapata kitu. Namba hiyo iandikwe kwa chaki kwenye mlango wa banda. Siku banda linapotoa mayai matano, umefanya kazi bure, na likitoa manne unamlipa kuku ili umtunze. Mayai yakishuka ghafla, angalia maji kwanza, maana kuku akikosa maji nusu siku ya jua kali hupunguza kutaga kwa siku kadhaa. Halafu angalia gunia: kama ganda la yai limekuwa jepesi na linapasuka mkononi, chakula hakina chokaa ya kutosha au kimechakachuliwa.

Lakini 28,800 hiyo si yote ya kula. Kuku wa kisasa hatamii wala haleti mrithi wake. Baada ya mwaka na miezi michache ya kutaga anachoka, unamuuza wa kuchinja kwa labda nusu ya bei uliyomnunulia, na lazima umtafute mwingine. Kuku 10 waliopoteza nusu ya thamani ni laki moja ya kuweka akiba kwa mwaka, kama 8,000 kila mwezi. Kinachobaki kwa kweli ni elfu 20 hivi. Wengi hawaiweki akiba hiyo, ndiyo maana unakuta mabanda matupu kote vijijini yaliyofanya kazi msimu mmoja tu.

Na mitetea wana mtego wao. Niliwahi kuitwa na kijana aliyenunua kuku 15 kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, akaambiwa wana wiki 18. Ilipita miezi miwili, mayai matatu kwa siku. Nikamshika mmoja nikamgeuza miguu juu. Miguu ilikuwa imepauka karibu kuwa myeupe. Mtetea wa aina ile ambaye hajaanza kutaga ana miguu ya manjano. Akishataga miezi mingi rangi ile hutoka mwilini ikaenda kwenye viini vya mayai, na miguu ikabaki imepauka. Kijana yule aliuziwa kuku waliokwisha kustaafu. Kwa hiyo ukienda kununua, mkamate kila mmoja: miguu iwe ya manjano, kilemba kianze kuwa chekundu, mdomo na kucha visiwe vya kizee. Uliza tarehe za chanjo ya mdondo na ya ndui, na usikubali jibu la "wamechanjwa zote". Mdondo ukiingia kwenye banda la wasiochanjwa unaweza kulimaliza ndani ya wiki. Chanjo ya tone la jicho, ile ya I-2 inayostahimili joto kuliko nyingine, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ni miongoni mwa vitu vichache katika ufugaji ambavyo ni rahisi na vinafanya kazi kweli.

Sasa mbuzi. Mgeta si mahali pageni kwa mbuzi wa maziwa. Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kwa msaada wa Wanorwe kilileta mbuzi wa Norwe, na milima ile ikawapokea: kuna baridi, mashamba ni ya ngazi na madogo, ng'ombe hana pa kusimama. Damu yao imeenea kwa machotara. Ndiyo maana swali la mama yule lilikuwa la kweli. Kwake kuna mbuzi wa kununua, kuna majirani wanaojua kukamua, na kuna watu waliozoea kunywa maziwa ya mbuzi. Kama ungekuwa unasoma haya mahali ambapo maziwa ya mbuzi yanaonekana kama kioja, toa hesabu yote ya kuuza maziwa hapa chini na uhesabu yale ya kunywa nyumbani tu.

Tuseme chotara mwenye mimba ya miezi mitatu anapatikana kwa 250,000. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150, kwa hiyo maziwa yako umbali wa miezi miwili. Hamsini elfu iliyobaki inanunua misumari, jiwe la chumvi, dawa ya minyoo na pumba ya kuanzia. Banda lenyewe ni nguzo za shambani na nguvu za mikono. Liinuliwe juu ya ardhi kiasi cha kuweza kufagia chini yake, na sakafu iwe ya fito zenye nafasi ya kama sentimita moja na nusu. Nafasi ikiwa finyu kinyesi kinaganda, kwato zinaoza. Ikiwa pana, mguu wa mwanambuzi unazama na kuvunjika. Nafasi hiyo ipimwe kwa kidole gumba: kiingie kwa shida.

Mbuzi haombi fedha kila siku, anaomba mgongo. Mbuzi wa kilo 40 anayenyonyesha anahitaji kuletewa majani mabichi kilo 8 hadi 10 kwa siku, kwa sababu sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, na kwa sababu mbuzi anachagua: anakula ncha laini, shina analiacha, na kilichoangukia miguuni pake hakigusi tena. Majani yafungwe mafungu na kuning'inizwa usawa wa kichwa chake. Matete peke yake yatamshibisha tumbo bila kuleta maziwa. Lazima kuwe na majani ya jamii ya kunde, lukina au kaliandra, au majani ya mforosadi, yapandwe kwenye kingo za ngazi ambako hakuna zao linalogombea nafasi. Miti hiyo inataka karibu mwaka kabla hujaikata sawasawa. Basi aliye na nia ya mbuzi apande leo hata kama mbuzi mwenyewe atakuja mwakani. Na ajiulize nani atabeba mzigo ule mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka. Kama jibu ni mtoto wa shule, mbuzi atakula jioni tu, na maziwa yatakuwa ya jioni tu.

Chotara aliyetunzwa anaweza kutoa lita moja na nusu kwa siku, akianza vizuri zaidi na kupungua taratibu kwa miezi kama saba. Mwanambuzi apate nusu lita yake. Anayemnyima mtoto ili auze maziwa anaua mtaji wa mwaka ujao. Ibaki lita moja: nusu wanywe watoto wa nyumbani, ikishachemshwa, na nusu iuzwe. Kwa 2,000 kwa lita ni 30,000 kwa mwezi. Pumba ya kumtuliza wakati wa kukamua, nusu kilo kwa siku, kwa bei ya 500 kwa kilo ni 7,500. Zinabaki 22,500, kwa miezi saba 157,500. Ongeza mwanambuzi mmoja kwa mwaka. Akiwa dume, muuze kwa tuseme 80,000. Gawanya yote kwa miezi 12, unapata kama 19,800.

Mama aliponiona nimenyamaza akadhani nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea. Elfu 20 za kuku, elfu 20 za mbuzi. Ukibadilisha bei kidogo mmoja atampita mwingine, lakini tofauti yao haipo kwenye faida. Kuku wanataka 1,440 kila siku, iwe jua, mvua au msiba, na wanalipa karibu kila siku. Mbuzi anataka kilo 10 za majani kila siku na karibu hataki fedha, na analipa kwa vipindi: maziwa miezi saba, kisha kimya, kisha mtoto. Kuku huchakaa na lazima uwanunue upya. Mbuzi akizaa jike, umepata mbuzi wa pili bila kutoa senti. Na nusu lita ya maziwa ya watoto haimo kwenye ile elfu 20.

Upande wa hatari, kuku wana nafuu moja kubwa. Mmoja akifa, tisa wanabaki. Mbuzi mmoja akifa, laki tatu zimekufa. Anayemuua mara nyingi ni mnyoo anayenyonya damu tumboni, na dalili zake zinaonekana mapema kwa anayetazama. Mfunue kope la chini kwa kidole gumba, kila wiki mbili wakati wa mvua. Ndani pakiwa pekundu kama nyama mbichi, muache. Pakiwa pamepauka kama karatasi, mpe dawa siku hiyohiyo, na mtazame tena baada ya juma moja. Uvimbe laini chini ya taya, kama kifuko cha maji, maana yake umechelewa. Kumpa dawa kila mwezi bila kutazama ni kuwazoesha minyoo dawa hiyo, na siku utakapoihitaji haitafanya kitu.

Jambo la pili linaloua mradi wa mbuzi haliui mbuzi. Ni beberu. Jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na linadumu siku moja au moja na nusu. Analia bila sababu, anatikisa mkia, uke unavimba na kutoa ute, maziwa yanashuka. Ukikosa siku hiyo, umepoteza wiki tatu. Nimewaona majike wazuri wanaokaa mwaka mzima bila mimba kwa sababu beberu bora yuko kijiji cha pili na hakuna wa kumpeleka, au kwa sababu aliyepo jirani ni baba yake mwenyewe. Beberu asikae zaidi ya mwaka na nusu au miwili kabla hajabadilishwa na kikundi kingine, vinginevyo anaanza kupanda binti zake. Angalia na pembe: jike asiye na pembe tangu kuzaliwa asipandwe na beberu asiye nazo, kwa sababu baadhi ya watoto wa kike watazaliwa huntha, wasiozaa kamwe.

Basi ushauri wangu kwa laki tatu unategemea vitu viwili tu: fedha ya kila juma na majani ya kila siku. Anayeishi Chanika au Kibaha, kwenye kiwanja kilichozungukwa na nyumba, mwenye kibarua kinacholeta chochote kila Jumamosi na mama ntilie watatu wanaohitaji mayai kila asubuhi, achukue mitetea 10, na laki ya chakula asiiguse kwa jambo lolote. Anayeishi mlimani, asiye na mshahara lakini mwenye kingo za kupanda lukina na beberu umbali wa kutembea, achukue mbuzi. Na kama kijijini kwake kuna kikundi cha kopa mbuzi lipa mbuzi, ambako unapewa jike na kulipa kwa jike la uzao wake, aingie huko kwanza. Hapo laki tatu zinabaki kwa banda, dawa na chumvi, na hatari ya kupoteza kila kitu kwa kifo kimoja inapungua sana.

Mama yule alikuwa na kingo. Hakuwa kwenye kikundi. Orodha ya kusubiri ilikuwa ndefu. Nikampeleka kwa mfugaji anayeuza, tukamfungua mbuzi mdomo: meno makubwa mawili ya mbele, umri wa mwaka na ushee. Kiwele tulikibonyeza pande zote mbili kutafuta ugumu, hakuna, na chuchu mbili tu, hazina pacha. Mwenye mbuzi akasema ana mimba ya miezi mitatu. Mama akauliza siku aliyopandwa. Mwenyewe akasitasita, kisha akasema hakumbuki vizuri, labda mwezi wa pili. Mama akafunga tena ncha ya khanga.

Tulirudi juma la pili kwa mfugaji mwingine, mzee mwenye kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu siku ya kupandwa, siku ya 21 iliyopita bila joto, na siku ya 150 ameizungushia duara. Alidai 265,000, elfu 15 zaidi ya yule wa kwanza, na mama akalipa bila kubishana. Njiani akanionyesha miche ya lukina aliyokuwa ameiomba kwa jirani, imefungwa kwenye jani la mgomba, imebaki na unyevu.